Jumla za mvua zikikubaliana, uliza zimekubaliana vipi

Jamani habari zenu. Nimeombwa niongee kuhusu kukagua rekodi ya mvua, na najua humu ndani kuna wanaopima kituoni, kuna wanaoingiza data kwenye kompyuta, na kuna wanaokuja mwishoni kabisa kuchukua wastani wakauweka kwenye ripoti. Sasa ili tusitawanyike nachukua kituo kimoja na msimu mmoja tu, Machi hadi Mei, tupande nao toka siku kwenda mwezi, mwezi kwenda msimu, halafu msimu kwenda wastani wa miaka 30. Namba nimezitunga ili hesabu ionekane vizuri, ila makosa ni yale yale ambayo mtayakuta kwenye faili zenu mkirudi.

Kitu cha kwanza kabla hata ya kujumlisha. Ukiniambia jumla ya mwezi inakubaliana na vipimo vya siku, swali langu ni moja, hiyo jumla ilitoka wapi? Kama kompyuta ndo iliyojumlisha siku halafu we unalinganisha jumla hiyo na siku zile zile, hujakagua kitu, umeiuliza kompyuta swali moja mara mbili. Ukaguzi unakuwepo pale ambapo kuna jumla mbili zilizopatikana kwa njia tofauti. Na hapa ndo thamani ya ile jumla ambayo mpimaji aliiandika kwa mkono chini ya kadi ya mwezi, alijumlisha akiwa ameshika kadi yenyewe, kabla data haijapita kwa mtu mwingine. Mimi hii jumla ya mkono naitetea sana, naomba iingizwe kwenye kolamu yake peke yake na isifutwe kamwe, hata ikiwa na kosa, maana ikishafutwa na kuwekwa ya kompyuta basi umepoteza shahidi pekee uliyekuwa naye.

Haya, tuanze na Aprili. Kadi chini imeandikwa 187.4. Kompyuta ikijumlisha siku 30 inatoa 146.9. Tofauti ni 40.5. Wengi hapa wanaanza kupitia siku moja moja toka tarehe 1, sawa utafika, lakini tofauti yenyewe inaongea, isikilize kwanza. Swali la kwanza ni je, kuna siku ambayo kipimo chake ni 40.5 kamili? Kama ipo, basi hiyo siku haikujumlishwa, na mara nyingi ni kwa sababu iliingizwa kama maandishi, mtu kaandika mkato badala ya nukta, kwa macho unaiona ipo kabisa lakini SUM inairuka. Kwenye Aprili yetu hakuna siku ya 40.5. Basi igawe kwa 9. 40.5 ukigawa kwa 9 unapata 4.5, inagawanyika bila mabaki. Sasa nenda utafute siku yenye 4.5 kwenye kompyuta, na ipo, tarehe 17. Chukua kadi, tarehe 17 imeandikwa 45.0. Nukta iliruka hatua moja wakati wa kuingiza.

Kwa nini 9? Ukiandika namba mara kumi pungufu, umepoteza sehemu tisa kati ya kumi za namba ile ya kweli, yaani tofauti ni mara tisa ya ile ndogo uliyoiandika. Kwa hiyo ukigawa kwa 9 haupati dalili tu, unapata kabisa namba ya kwenda kuitafuta. Tarakimu zikibadilishana nafasi pia tofauti inagawanyika kwa 9, mtu akiandika 36.2 badala ya 63.2 tofauti ni 27.0, hesabu kwa sehemu za kumi ni 270, gawa kwa 9 ni 30. Ila hapa inabidi uwe makini, tofauti yoyote ile inaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, karibu mara moja kwa kila tisa, kwa hiyo 9 inakuelekeza pa kuangalia, na anayeamua ni kadi. Usisahihishe kipimo kwa sababu hesabu imependeza, sahihisha kwa sababu umeona karatasi.

Na kwenye ngazi hii ya siku kwenda mwezi usikubali kabisa ile "tofauti ni ndogo tu, achana nayo". Vipimo vya siku vimeandikwa kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukijumlisha namba za namna hiyo hakuna kinachokadiriwa, jumla lazima ifanane hadi tarakimu ya mwisho. Ikitofautiana kwa 0.1 kuna kitu. Rekodi za zamani zilizopimwa kwa inchi ndo zina ruhusa kidogo, maana inchi moja ni milimita 25.4 na kila siku ikibadilishwa peke yake inakadiriwa peke yake, kwa hiyo mwezi wenye siku nyingi za mvua unaweza kupishana kidogo na jumla iliyobadilishwa kwa mara moja. Hapo linganisha kwa inchi, kwenye namba za asili, halafu ndo ubadilishe.

Kuna kingine cha siku ambacho kinasumbua, wikendi. Mpimaji Jumamosi na Jumapili hakufika, Jumatatu saa tatu asubuhi akakuta kwenye kipimamvua milimita 61.2. Hizo ni za siku tatu. Akiziandika Jumatatu bila alama yoyote, jumla ya mwezi itakaa vizuri, ya msimu itakaa vizuri, wastani utakaa vizuri, kila kitu kinakubaliana, lakini sasa kituo kina siku moja ya mvua kubwa ambayo labda haikuwahi kunyesha hivyo, na siku mbili zinazoonekana kavu. Akija mtu anatafuta mvua kubwa zaidi ya siku moja, au anahesabu siku za mvua, anapotoshwa. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ziachwe wazi, Jumatatu iwe na alama kuwa ni mlimbikizo wa siku tatu. Na mlimbikizo ukivuka mwisho wa mwezi, tuseme umeanza Machi umekuja kupimwa Aprili 1, basi miezi yote miwili haiwezi kupata jumla yake halali, lakini msimu bado ni mzima kwa sababu mvua yote ipo ndani yake. Mnaona hapo, kitu kinaweza kuvunjika kwenye ngazi ya chini na ya juu ikabaki salama, ndo maana kila ngazi inakaguliwa yenyewe.

Tupande msimu. Machi 118.3, Aprili sasa tumeshasahihisha ni 187.4, Mei 92.7. Jumla 398.4. Lakini kwenye kabrasha la zamani msimu huo umeandikwa 412.6. Tofauti 14.2. Gawa kwa 9, inabaki. Tafuta siku yenye 14.2 ndani ya Machi, Aprili, Mei, hakuna. Sasa toka nje kidogo ya msimu, angalia kwenye kingo. Juni 1, 14.2. Hapo ndo utajua hakuna aliyekosea kujumlisha, watu wawili wana maana mbili za "siku".

Kipimamvua kinasomwa asubuhi, saa tatu kwa vituo vingi, na unachokisoma ni mvua ya saa 24 zilizopita. Ukisoma Juni 1 saa tatu asubuhi, kati ya hizo saa 24, saa 15 ni za Mei 31, na saa 9 tu ni za Juni 1. Kuna wanaoandika kipimo kwenye tarehe waliyosoma, kuna wanaokirudisha nyuma kwenye tarehe ambayo mvua nyingi ilinyeshea, na kila utaratibu una taasisi zinazoufuata. Aliyetengeneza miezi yetu alitumia tarehe ya kusoma, Machi 1 hadi Mei 31. Aliyetengeneza msimu alirudisha nyuma, kwa hiyo kwake msimu ni vipimo vya Machi 2 hadi Juni 1. Machi 1 ilikuwa kavu hivyo hakupoteza kitu mwanzoni, akaongeza 14.2 mwishoni. Aprili 1 na Mei 1 nazo zilihama toka mwezi mmoja kwenda mwingine lakini zote zimebaki ndani ya msimu, kwa hiyo kwenye jumla ya msimu hazionekani kabisa. Ukiona miezi haikubaliani kati ya faili mbili lakini tofauti yake ni kipimo cha tarehe 1, mwezi mmoja kapungukiwa mwingine kaongezewa kiasi kile kile, usihangaike na kitu kingine, ni hili.

Utachagua lipi? Chagua ule utaratibu ambao wastani wa muda mrefu wa kituo hicho ulitengenezwa nao. Kwetu hapa ulitengenezwa kwa tarehe ya kusoma, basi msimu wetu ni 398.4, na 412.6 inabaki kwenye maelezo pamoja na sababu yake. Kibaya zaidi ya vyote ni kituo kilichobadilisha utaratibu katikati ya miaka bila kuandika, hiyo jumla hazitakuonyesha kirahisi, itabidi uweke siku zake sambamba na za kituo jirani uone kama kuanzia mwaka fulani mvua kubwa zinakuja siku moja kabla au baada.

Sasa wastani, na hapa naomba mnisikilize kwa utulivu kwa sababu hapa ndo watu wanaharibu data wakiwa na nia nzuri kabisa.

Kipindi ni 1991 hadi 2020, ndicho Shirika la Hali ya Hewa Duniani linachotumia sasa. Wastani wa Machi ni 104.0, Aprili 171.0, Mei 88.0. Ukijumlisha ni 363.0. Lakini wastani wa msimu wenyewe umeandikwa 372.0. Kihesabu, jumla ya wastani wa miezi lazima iwe sawa na wastani wa jumla za msimu, haina ubishi, ila kwa sharti moja, miaka iwe ile ile kwa kila mwezi. Namba za wastani zimekadiriwa kwa hiyo hapa ruhusu 0.1, sana sana 0.2. Lakini 9.0? Hapana.

Unafungua idadi ya miaka na unaona. Aprili ina miaka 30, Mei 30, Machi ina 27. Miaka mitatu kadi za Machi hazipo. Na msimu usio na Machi sio msimu, kwa hiyo wastani wa msimu nao umetoka kwenye miaka 27. Sasa ile miaka mitatu Aprili yake ilikuwaje? 90, 81 na 99. Jumla 270. Ilikuwa miaka mikavu. Aprili ya miaka 30 jumla yake ni 5,130, toa 270 inabaki 4,860, gawa kwa 27 unapata 180.0. Kumbe Aprili ya miaka 27 ni 180.0 na Aprili ya miaka 30 ni 171.0, tofauti 9.0, ndo hiyo hiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Mei ya ile miaka mitatu ilikuwa 88 kila mwaka hivyo haikuhama. Weka Machi 104.0 na Aprili 180.0 na Mei 88.0, unapata 372.0 kamili. Kila namba ilikuwa imehesabiwa sawasawa, ni za miaka tofauti tu.

Lakini sasa angalia kinachotokea ofisini. Mtu anaona 363 na 372, anaambiwa data haikubaliani, bosi anataka faili iliyonyooka leo. Na kwenye faili lake jumla ya kila mwezi ni fomula ya kawaida, tuseme:

```
=SUM(B2:B31)
```

Hii fomula ikikuta mwezi wote upo wazi inarudisha 0. Haisemi haijui, inasema 0. Na AVERAGE ambayo kwa kawaida huruka seli zilizo wazi, ikikuta hiyo 0 inaihesabu kama mwaka wa kweli. Kwa hiyo Machi tatu zisizojulikana zinageuka Machi tatu ambazo hazikunyesha hata tone. Wastani wa Machi unashuka toka 104.0 hadi 93.6. Jumlisha miezi, 93.6 na 171.0 na 88.0, unapata 352.6. Sasa hesabu wastani wa msimu kwa miaka yote 30 ukiwa na zile sifuri, unapata nini? 352.6. Imekubaliana! Hadi nukta ya mwisho! Faili limenyooka, kila ngazi inafanana na nyingine, na hiyo ndo rekodi mbaya kuliko zote tulizoziona leo.

Nataka mlione hili kwa ukaribu kwa sababu lina madhara. Msimu wetu ni 398.4. Ukiupima kwa wastani wa 372.0 ni asilimia 107. Kwa 363.0 ni asilimia 110. Kwa 352.6 ni asilimia 113. Mvua ni ile ile, na kila msimu utakaokuja utaonekana mzuri kuliko ulivyo, na msimu mbaya utaonekana afadhali, kisa sifuri tatu ambazo hakuna mtu aliyeziandika.

Kinga yake ni ndogo. Mwezi usipewe jumla hadi siku zake zote zihesabike:

```
=IF(COUNT(B2:B31)=30,SUM(B2:B31),"")
```

Hiyo ni ya Aprili, mwezi wa siku 31 ongeza mstari na badilisha namba, na Februari kumbuka mwaka mrefu. Hii COUNT inakamata pia zile namba zilizoingia kama maandishi. Itakamata na ile herufi T ambayo wapimaji wanaandika kwa mvua ya kudondokea tu isiyofikia kupimika, kwa hiyo kwenye kolamu ya namba weka 0 na T iende kolamu ya alama pembeni, ili siku hiyo ihesabike kuwa ilipimwa. Na mwezi wenye mlimbikizo wa wikendi fomula itaukataa wakati jumla yake ni halali kama mlimbikizo haukuvuka mwezi, huo utauruhusu kwa mkono na utaandika kwa nini. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unasema hivyo hivyo, jumla ya mwezi wa mvua itolewe siku zote zikiwepo, au zile zilizokosekana ziwe zimeingia kwenye mlimbikizo wa siku vipimo viliporudi. Kwa wastani wa muda mrefu wanataka angalau asilimia 80 ya miaka, yaani 24 kati ya 30, kwa hiyo Machi yetu ya miaka 27 inakubalika bila kubuni chochote.

Kabla sijamaliza hili, kuna mambo mawili yanayofanana na kosa lakini sio kosa. Ukitumia namba ya katikati, ile ambayo nusu ya miaka iko juu yake na nusu chini, usitegemee miezi ijumlike kuwa msimu, haijumliki hata data ikiwa kamili. Na msimu unaovuka mwaka, tuseme Novemba hadi Aprili, ukichukua 1991 hadi 2020 una Novemba 30 na Aprili 30 lakini misimu iliyo mizima ndani ya kipindi ni 29, kuanzia 1991/92 hadi 2019/20, kwa hiyo tofauti ndogo lazima iwepo, iandike tu.

Na mpaka wa kazi hii tuujue. Mpimaji akisoma vibaya kipimamvua, jumla zote zitakubaliana na kosa lake. Mtu akinakili Machi nzima ya mwaka mmoja, pamoja na jumla yake ya mkono, akaibandika mwaka unaofuata, zitakubaliana. Kujumlisha kunakamata makosa mengi ya njiani, toka kadi hadi ripoti, lakini ya kwenye chupa yenyewe hukamatwa kwa kulinganisha na vituo jirani, na hiyo ni mada nyingine kabisa.

Kwa kituo chetu basi tunafanyaje. Tarehe 17 Aprili inasahihishwa kuwa 45.0, ile 4.5 inabaki kwenye kolamu ya asili. Msimu ni 398.4, umeandikwa vipimo vya tarehe ya kusoma. Kwenye jedwali la wastani kila namba ina idadi ya miaka pembeni, Machi 104.0 miaka 27, Aprili 171.0 miaka 30, Mei 88.0 miaka 30, msimu 372.0 miaka 27, na chini maelezo mafupi kwamba miezi haijumliki kuwa msimu kwa sababu Machi tatu hazipo na ni miaka gani. Atakayelinganisha msimu atumie 372.0, atakayelinganisha Aprili peke yake atumie 171.0. Ukipenda namba zijumlike, toa na Aprili na Mei za ile miaka mitatu, zote ziwe 27, lakini jua kwamba umetupa miaka mitatu ya Aprili mikavu ambayo ilipimwa kweli, mimi binafsi siwezi kuitupa. Na hizo kadi tatu za Machi zitafutwe, kwenye makabati, kwenye nakala iliyobaki kituoni, kwenye majedwali ya miezi yaliyowahi kuchapishwa, maana hata ikipatikana jumla ya mwezi tu bila siku zake, Machi hiyo inarudi kwenye wastani na msimu wake unarudi nao.